Kutafsiri ripoti ya ukaguzi wa mzigo wa China kwa mnunuzi anayesoma Kiswahili

Ripoti ya ukaguzi huwa inamfikia mnunuzi akiwa ameshabanwa. Keshalipa asilimia 30 ya kuanzia, mzigo umeshatengenezwa, sapulaya anasubiri asilimia 70 iliyobaki ndio apakie kwenye kontena, na yeye yuko Kariakoo kashika PDF ya kurasa kibao ya Kiingereza ambayo mkaguzi aliyeiandika mara nyingi aliiwaza kwa Kichina. Anachotaka kujua ni kitu kimoja tu, amalizie hela au asimalizie. Wewe mtafsiri huna mamlaka ya kumjibu hilo, lakini tafsiri yako ndio atakayosoma kabla ya kwenda benki, kwahiyo kazi yako yote iangalie hapo.

Nitatumia mfano wa birika za umeme pisi 2,400 zinazokuja Dar, ni mfano wa kutengeneza ila namba zake zinafuata jedwali lenyewe la ISO 2859-1 la kupanga pisi ngapi zichomolewe na kukaguliwa, ambalo ndilo kampuni nyingi za ukaguzi zinalitumia (zingine zinaandika ANSI/ASQ Z1.4, la Marekani, namba za kawaida zinafanana).

Hatua ya 1: usianze na ukurasa wa kwanza

Ukianza kutafsiri kuanzia juu kwenda chini utatumia asubuhi nzima kwenye anuani ya kiwanda na jina la mkaguzi alafu ukifika penye maana umeshachoka. Tafuta kwanza sehemu tatu: jedwali la matokeo, orodha ya kasoro zenye picha, na ile sehemu ya maelezo ya ziada mwishoni ambayo watu huwa wanairuka. Soma hizo tatu zote kabla hujaandika hata neno moja la Kiswahili, kwasababu zinategemeana, na neno utakalolichagua kwenye jedwali lazima ndio hilohilo litumike kwenye orodha ya kasoro.

Jedwali la birika zetu liko hivi:

```
Order Qty: 2,400 pcs   Packed: 1,992 pcs (166 ctns)
ISO 2859-1, Single, Normal, Level II
Sample size: 125 pcs (from 13 ctns)

          Critical   Major   Minor
AQL          0        2.5     4.0
Accept       0         7      10
Found        0         6      13
Result      Pass      Pass    Fail
```

Hatua ya 2: sentensi ya sampo

Huu mstari wa pili ndio watu wanautafsiri hovyo kuliko yote. Tatizo la kwanza ni kwamba Kiswahili chetu kina neno moja, kiwango, linalobeba vitu vitatu. ISO ni kiwango, AQL ni kiwango, na ile namba II nayo wanaiita kiwango, sasa ukiandika "ukaguzi umefanyika kwa kiwango cha pili kwa kufuata kiwango cha ISO na kiwango cha ubora 2.5" mnunuzi anaweza kuelewa kwamba mzigo wake ni wa daraja la pili, yaani feki kidogo. Mimi nagawa hivi na sibadilishi mpaka ripoti iishe: ISO ndio kiwango, namba II ni ngazi ya ukaguzi, na AQL ni kikomo cha ubora. Ngazi ya ukaguzi haisemi chochote kuhusu uzuri wa birika, inasema tu uchomoe pisi ngapi.

Na hili unaweza kulihakiki mwenyewe, ni dakika moja. Kwenye jedwali la ISO mzigo wa kuanzia pisi 1,201 hadi 3,200 ukikaguliwa kwa ngazi ya II unapata herufi K, na herufi K ni pisi 125. Mzigo wa 501 hadi 1,200 ni herufi J, pisi 80. Kwahiyo ukikuta ripoti inasema mzigo ni 2,400, ngazi ya II, alafu zilizokaguliwa ni 80, usirekebishe kimyakimya na wala usipite kama hujaona, tafsiri ilivyo kisha weka alama ya kuuliza pembeni. Inawezekana kweli mkaguzi alikuta kiwandani pisi elfu moja tu ziko tayari, na hiyo ni habari kubwa kwa mnunuzi kuliko neno lolote.

Neno la ukali nalo liangalie. Pale palipoandikwa kwamba ukaguzi ni wa kawaida haimaanishi ukaguzi wa juujuu, ile ni aina moja kati ya tatu, kuna wa kawaida, kuna uliokazwa na kuna uliolegezwa. Nikiandika "kwa ukali wa kawaida" mtu anaelewa.

Alafu neno sampo lenyewe. Ripoti moja inalitumia kwa vitu viwili tofauti kabisa. Kuna pisi 125 zilizochomolewa kwenye mzigo, na kuna ile pisi moja ambayo mnunuzi aliikubali kabla kiwanda hakijaanza kazi, labda ilitumwa kwa ndege ikasainiwa na kurudi. Ukizichanganya, sentensi kama "hapakuwa na sampo wakati wa ukaguzi" inamfanya mnunuzi adhani hakuna kilichokaguliwa, kumbe maana yake ni kwamba mkaguzi hakuwa na ile pisi ya makubaliano ya kulinganisha, kwahiyo rangi na unene wa plastiki hakuna aliyevipima na chochote. Naandika "pisi zilizochomolewa" na "sampo ya makubaliano", basi.

Sentensi nzima ikikaa sawa inasomeka hivi: *Mkaguzi alikuta katoni 166 zimeshafungwa (birika 1,992 kati ya 2,400 zilizoagizwa). Alifungua katoni 13 bila mpangilio maalum akachomoa humo pisi 125 na kuzikagua moja moja, kwa kufuata ISO 2859-1, ngazi ya ukaguzi ya II, kwa ukali wa kawaida.* Umeona imekuwa ndefu kuliko ya Kiingereza. Ni sawa. Hizo katoni 13 hazijatoka hewani, wakaguzi wengi wanachukua kipeo cha pili cha idadi ya katoni, na kipeo cha pili cha 166 ni kama 12.9.

Usiandike "kwa kubahatisha" pale. Nimeona tafsiri za hivyo, mnunuzi anapiga simu anauliza mbona nimelipia ukaguzi wa kubahatisha.

Hatua ya 3: madaraja ya kasoro

Wanaoagiza mzigo mara kwa mara washazoea kusema kritiko, meja na maina, na kama unamwandikia mtu wa hivyo waache waitwe hivyo. Kwa mtu anayeagiza mara ya kwanza naandika kasoro ya hatari, kasoro kubwa na kasoro ndogo. Ambacho hutakiwi kuandika ni "kasoro muhimu" kwa ile ya kwanza, kamusi itakupa hilo neno ukilitafuta harakaharaka ila kwa Kiswahili kitu muhimu ni kitu kizuri kuwa nacho.

Weka maana za madaraja juu kabisa ya tafsiri yako, na uzitoe kwenye ripoti yenyewe au kwenye mkataba, siyo kichwani kwako, maana kila kampuni ina maneno yake. Kwa ujumla kasoro ya hatari ni ile inayoweza kumuumiza mtumiaji au inayovunja sheria ya nchi mzigo unakoenda. Kubwa ni ile ya bidhaa kushindwa kazi yake au kumfanya mteja airudishe dukani. Ndogo ni ile ambayo haiko kama mlivyokubaliana ila mtu ataitumia tu bila shida.

Sasa angalia kitu kwenye mfano wetu. Kasoro kubwa sita zimeorodheshwa hivi: mfuniko haufungi sawasawa pisi 2, maji yanavuja kwenye kile kidirisha cha kuonyesha kimo cha maji pisi 3, na pisi 1 haikujizima maji yalipochemka. Hiyo ya mwisho isome mara mbili. Birika isiyojizima itachemka mpaka maji yaishe, na kama kinga ya kukauka nayo haifanyi kazi basi kitako kinaungua. Je ni kasoro kubwa au ya hatari? Mkaguzi kaiweka kubwa. Ukiihamishia kwenye hatari, safu ya kwanza inakuwa 1 wakati kinachoruhusiwa ni 0, na mzigo mzima unaanguka palepale.

Wewe huhamishi. Unatafsiri "kubwa" kama ilivyo, alafu chini kabisa, nje ya tafsiri, unaandika maelezo ya mtafsiri: *Birika moja haikujizima. Ripoti imeihesabu kama kasoro kubwa. Muulize mkaguzi kama walijaribu kinga ya kukauka kwenye pisi hiyohiyo, na mkataba wako unaiweka daraja gani.* Mnunuzi ana haki ya kubishana na daraja, tena wengi wanabishana na wanashinda, lakini hawezi kubishana kama hajaoneshwa.

Hatua ya 4: jedwali lenyewe

Rudi kwenye ile blok hapo juu, mstari wa Accept na wa Found, ule wenye 0, 7, 10 na ule wenye 0, 6, 13. Ule wa kwanza ukiutafsiri neno kwa neno utaandika "zilizokubaliwa 7", na mnunuzi atasoma kwamba kati ya birika 125 zimekubaliwa saba. Nani asingepata presha. Ile 7 ni mwisho wa kasoro zinazovumiliwa, ikifika 8 mzigo unakataliwa. Kwahiyo mimi naandika "mwisho unaoruhusiwa" na "zilizopatikana", na hapo hata mtu asiyejua chochote anaona 6 iko chini ya 7 na 13 imepita 10. Ripoti zingine zinafupisha kwa kuandika Ac na Re, ukikuta Ac 7 Re 8 ni jambo lilelile, saba inapita, nane inaanguka.

Ile 2.5 nayo usiiandike "asilimia 2.5 ya mzigo ni mbovu" wala "mnunuzi amekubali ubovu wa asilimia 2.5". Piga hesabu, 7 kwenye 125 ni asilimia 5.6, imezidi mara mbili, na bado jedwali linasema imepita. Kinachofanyika ni kwamba pisi 125 haziwezi kuonyesha kwa usahihi hali ya zile 2,400, kwahiyo jedwali linaacha nafasi ili mzigo mzuri usikataliwe kwa bahati mbaya ya uchomoaji. Gharama yake ipo upande wa pili: kwa mpango huuhuu wa pisi 125 na mwisho wa 7, mzigo ambao kiukweli una kasoro kubwa kama 9 kwenye kila pisi 100 bado unapenya kama mara moja kati ya kumi. Naacha AQL 2.5 kama ilivyo, naweka maelezo ya mstari mmoja: *namba ya jedwali inayopanga kasoro ngapi zivumiliwe kwenye pisi zilizochomolewa.* Na kwenye sifuri ya kasoro za hatari naandika "haikupatikana hata moja kwenye pisi 125", siandiki "mzigo hauna kasoro za hatari", hiyo ya pili ripoti haijasema.

Hatua ya 5: majina ya kasoro

Hapa wakaguzi wana Kiingereza chao. Wakisema mkwaruzo uko dhahiri wanamaanisha unaonekana ukishika birika mkononi, hawamaanishi ni mkubwa sana. Naandika mkwaruzo unaoonekana, alafu naweka urefu kama wameupima na namba ya picha. Namba ya picha usiitupe kamwe, mnunuzi akibishana na sapulaya ndio anachomtumia.

Tumia maneno ya fundi na ya dukani: mkwaruzo, kubonyea, ufa, kutu, doa, alama ya gundi, kingo zenye makali, plastiki iliyozidi kwenye ukingo, kuvuja, kulegea. Kama hujui kitu kinaitwaje kielezee tu, "kipande cha chuma kinachoshika mfuniko", ni bora kuliko neno la kamusi ambalo hata muuzaji wa vyombo hajawahi kulisikia. Na ukishaita kitu mfuniko kiwe mfuniko hadi mwisho, usifike ukurasa wa nne ukaanza kuandika kifuniko na ukurasa wa saba kizibo, msomaji atadhani ni vitu vitatu.

Angalia pia kama pisi moja ilikuwa na mkwaruzo na pia inavuja. Kampuni nyingi zinahesabu kasoro moja tu kwa pisi, ile nzito zaidi, na kuna sentensi inayosema hivyo mahali fulani kwa maandishi madogo. Itafsiri. Bila hiyo mnunuzi akihesabu picha atapata kasoro 22 wakati jedwali linasema 19, ataanza kuona ripoti imechakachuliwa.

Hatua ya 6: maelezo ya ziada, tafsiri kila neno

Kwenye ripoti yetu huko mwishoni kuna mstari kama huu:

```
Plug: 2 round pins. No spec provided. For client's evaluation.
```

Plagi ni ya pini mbili za duara. Birika zote 2,400. Haipo kwenye jedwali, haijahesabiwa kasoro hata moja, kwasababu oda haikusema plagi iweje kwahiyo mkaguzi hana cha kupima nacho, kaiandika tu na kumwachia mteja. Lakini soketi nyingi za Bongo ni za pini tatu bapa, na birika ya bati inatakiwa iwe na waya wa ethi unaofika kweli ukutani. Mikwaruzo kumi na tatu ni bei ya kupunguziana, hii ni kubadilisha waya za mzigo mzima kabla haujapakiwa.

Ndio maana sehemu hii naitafsiri yote, hata mistari inayoonekana haina uzito, urefu wa waya, uzito wa katoni, lebo ya volti. Na ile sentensi ya kumwachia mteja usiifanye iwe "kwa taarifa ya mteja", maana inasikika kama haimhusu sana. Andika mkaguzi hajaamua, uamuzi ni wa mnunuzi. Ukikuta mstari wa hivyo, upandishe juu kwenye muhtasari.

Hatua ya 7: hitimisho la ripoti na yale maandishi madogo

Ripoti nyingi hazisemi imepita au imeanguka tu, kuna hali ya tatu ya kusubiri, yaani kuna mambo mnunuzi ayaamue kwanza. Usiigeuze kuwa "bado inaendelea". Ukaguzi umeisha, mkaguzi keshaondoka, kinachosubiriwa ni jibu la mnunuzi mwenyewe.

Maandishi madogo ya mwisho yana vitu viwili vya kutafsiri kwa uangalifu. Kimoja ni kwamba matokeo yanahusu siku ile na mahali pale tu, kiwanda kikibadilisha katoni usiku ripoti haijui. Kingine, ambacho kipo kwenye ripoti nyingi, ni kwamba ripoti haimuondolei muuzaji wajibu wake wa mkataba na haimzuii mnunuzi kudai fidia kwa kasoro zinazoonekana au zilizojificha. Hii inamlinda mnunuzi wako, itafsiri nzima, usiifupishe kuwa "masharti mengine".

Na ongeza mstari wako mmoja kama mzigo unakuja Tanzania: ripoti hii siyo cheti cha PVoC kinachotambuliwa na TBS. Huu ni ukaguzi wa biashara kati ya mnunuzi na muuzaji, cheti cha ulinganifu kinatafutwa kivyake kabla mzigo haujasafirishwa, na kwa Kenya KEBS nao wana utaratibu wao wa namna hiyo. Kuna watu wanafika bandarini na ripoti hii mkononi wakidhani wamemaliza.

Hatua ya 8: kutuma

Tuma vitu viwili. PDF kamili iliyotafsiriwa, na muhtasari wa Wotsap ambao mtu anausoma akiwa amesimama dukani. Wa birika ungekuwa hivi:

*Mama Salma habari za leo. Ripoti ya birika ni hii. Zimechomolewa 125 kati ya zilizofungwa 1,992, bado 408 hazijafungwa. Kasoro za hatari hazijaonekana kwenye hizo 125. Kubwa 6, mwisho ni 7, imepita. Ndogo 13, mwisho ni 10, imeanguka. Mambo mawili uyaangalie wewe: plagi ni pini mbili za duara kwa mzigo wote (ukurasa wa mwisho), na birika moja haikujizima (picha nimekuwekea alama). Maelezo yangu yako chini kabisa yenye rangi tofauti, hayo siyo maneno ya mkaguzi.*

Tarehe ziandike mwezi kwa maneno, 05/06 kwa mtu mmoja ni Mei na kwa mwingine ni Juni, na mnunuzi anahesabu siku za meli.

Akikataa na kiwanda kikasema kitachambua mzigo wote na kurekebisha, itakuja ripoti ya pili. Itafsiri kwa maneno yaleyale ya ripoti ya kwanza, weka majedwali mawili sambamba, na angalia kama 125 zimechomolewa upya kutoka kwenye mzigo mzima au mkaguzi ameoneshwa tu zile 19 zilizorekebishwa. Kama ni hizo 19, liandike hilo kwenye mstari wa kwanza wa muhtasari.